Pumzi zinazosikika sana katika simulizi: zishushe kabla ya kompresa

"Nasoma simulizi na kurekodi mwenyewe, lakini pumzi zangu zinasikika sana. Nikizikata, maneno yanakuwa kama yamekatwakatwa. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usizikate, zishushe. Pumzi ikiondolewa kabisa, msikilizaji anabaki na shimo la ukimya ambalo hata mlio wa chumba haumo, na sikio hulinasa mara moja.

Angalia kwanza kompresa yako, yaani zana inayobana sauti inayopita kizingiti ulichoweka, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayozikuza. Tuseme kilele cha sauti yako kiko desibeli -6 na pumzi iko -30, yaani zimeachana kwa desibeli 24. Ukiweka kizingiti -18 na uwiano wa 3:1, kilele kinashuka hadi -14, nawe unapandisha rekodi nzima kwa desibeli 8 ili kirudi -6. Pumzi haikufika kwenye kizingiti, kwa hiyo haikubanwa, ila imepandishwa pamoja na vyote hadi -22. Tofauti sasa ni 16 tu. Ndiyo maana mimi hushusha pumzi kabla ya kompresa, kwa kiasi kilekile ambacho kompresa itaongeza. Hapa ni desibeli 8, na pumzi inarudi palepale ilipokuwa ulipokuwa unasoma.

Hapa Kigoma nilihariri simulizi yenye sentensi hii: "Hapo Ujiji, mwaka 1871, Stanley alimkuta Livingstone." Msomaji alivuta pumzi nzito kabla ya "Hapo", na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa herufi "h" nayo ni hewa na kwenye skrini inafanana sana na mkia wa pumzi. Ukichagua kupita kiasi, utasikia "Apo Ujiji". Kuza picha ya wimbi, sikiliza kipande hicho peke yake, kisha ukomeshe uteuzi kabla "h" haijaanza. Katika Audacity fungua `Amplify`, andika `-8` kwenye `Amplification (dB)`, na usiguse urefu wa pumzi, kwani muda huo ndio mwendo wa usomaji.

Kama nyuma kuna mvua juu ya bati au feni, mlio huo nao utashuka ghafla pamoja na pumzi, na utausikia ukizama na kuibuka. Hapo tumia `Envelope Tool`, uteremshe polepole na kupandisha polepole. Geti ya kelele siipendekezi kwa kazi hii: hufunga na kufungua kwa kufuata ukubwa wa sauti tu, hivyo hula miisho laini ya maneno pamoja na pumzi, na huenda ndiyo inayokukatia maneno.

Pumzi iliyogandana na neno haishushiki bila kuliumiza neno lenyewe. Sentensi hiyo irekodi upya, mdomo ukiwa kama sentimita 20 kutoka kwenye maiki, na maiki ikae pembeni kidogo ili hewa isiipige moja kwa moja.