Pasua yai kwenye sahani, utazame ute na kiini kwa pamoja

Niliwahi kumgombeza bure mtu aliyeniuzia mayai. Nilipasua moja kwenye sahani, ute ukatiririka hadi ukingoni, nikaamini kaniuzia mayai ya zamani. Kumbe kiini kilikuwa kimesimama wima kama kifuniko cha chupa, nami sikukitazama. Kuku wake walikuwa wazee tu.

Tangu siku hiyo natazama vyote viwili. Chukua sahani bapa kabisa (yenye shimo katikati itakudanganya, maana inakusanya ute), pasulia yai karibu na sahani, kisha inama ulitazame kwa ubavuni. Yai bichi la jana lina ute wa aina mbili: mwepesi kidogo unaotambaa pembeni, na mzito uliojikusanya kama pete kukizunguka kiini. Ukiwa na ukungukungu, ni dalili nzuri, kwani hewa ya kaboni dioksaidi bado haijatoka yote kupitia vitundu vya ganda. Hewa hiyo inapotoka, ute huzidi kuwa na alkali, yaani kinyume cha uchachu, na ile protini inayoushikilia uwe mzito huanza kulegea. Pete inayeyuka. Wakati huohuo maji ya ute yanapenya kuingia kwenye kiini, utando wake unavutika na kudhoofika, nacho kinalala.

Nilijaribu kwa mayai matatu ya trei moja, nikiwa na rula. La kwanza nililipasua siku ileile: kiini kilikuwa na kimo cha milimita 18 na upana wa 40. Ukigawa kimo kwa upana unapata 0.45, ambayo ndiyo hali ya yai jipya. La pili lilikaa wiki mbili kwenye friji, likatoa 17 kwa 41. La tatu lilikaa wiki hizohizo mbili kabatini, penye joto: 12 kwa 47, yaani karibu 0.26, na kiini kilipasuka nilipokigusa na kijiko. Umri ni mmoja, lakini joto ndilo lililolizeesha.

Kwa hiyo, ute ukiwa maji na kiini kikiwa kimelala, yai limekaa sana au limewekwa kwenye joto. Ute ukiwa maji lakini kiini kimesimama, mara nyingi tatizo ni kuku mwenyewe: umri mkubwa, au ugonjwa wa njia ya hewa aliowahi kuupata.

Yai lililolala si lazima liwe viza. Kama halinuki, mimi nalivuruga na kulipika hadi liive kabisa. La kukaanga kiini kizima ndilo halifai tena. Ila ute ukiwa na rangi ya waridi au kijani, mwaga bila kuuliza, hao ni bakteria. Na usiufanye mtihani huu kuwa kinga dhidi ya salmonela: yai lenye kiini kilichosimama vizuri laweza kuwa nayo, na sahani haitakuonyesha.