Nimezumu shelfu lako mpaka macho yakauma

"Dada mkutubi habari, nimekutumia picha ya shelfu langu la riwaya, niambie nisome nini baada ya hapa. Vingine vimezibwa na ua na flemu ya picha, samahani."

Salama kaka. Soma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ilitoka 1980, na sababu nakupa hapa hapa.

Kwanza vile vilivyozibwa. Watu wanadhani herufi zikionekana nyingi ndo umekijua kitabu, kumbe cha kujiuliza ni vitabu vingapi vinaweza kukaa kwenye hizo herufi. Nyuma ya flemu naona "INYI FU" basi, mwanzo haupo na mwisho haupo, lakini sina wasiwasi, hiyo ni Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi. Sasa njoo kwenye ua. Neno limetoka zima kabisa, "DUNIA", na hapo ndo nimekwama, maana inaweza kuwa Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi (1975) au Dunia Mti Mkavu ya huyo huyo Said (1980), na jina la mwandishi limelaliwa na jani. Unene nao haunisaidii, chapa zinatofautiana karatasi na saizi ya herufi. Kwa hiyo hicho nimekiweka pembeni, sikukibahatisha.

Halafu kuna kuwa nacho na kuwa umekisoma, hayo mawili usiyachanganye, na hapo ndo naangalia migongo. Kitabu cha jalada laini ukikifungua sana gundi inajikunja na mgongo unapata mistari ya wima. Vuta N'kuvute yako ina mistari mgongo mzima mpaka rangi imebanduka, hiyo imesomwa mpaka mwisho na nadhani zaidi ya mara moja. Kuli nayo hivyo hivyo, imepinda kabisa. Ila kile kinene cha bluu mwisho wa safu, jina halisomeki, mistari yake yote imejazana upande wa kulia. Kitabu kikisimama mgongo ukikutazama, jalada la mbele liko kuliani kwako, yaani ulifungua kurasa za mwanzo mwanzo ukakiacha (au aliyekuwa nacho kabla yako ndo alikiacha, kama ulikinunua mtumba mistari ni yake sio yako). Kitabu cha Nagona nacho mgongo wake msafi, lakini hapo sikuhukumu, ni kitabu chembamba mno, hata ukisome mara kumi hakiwezi kukunjika kama kinene.

Basi vya uhakika kuwa vimesomwa ninavyo viwili, Kuli na Vuta N'kuvute, vyote vya Shafi, na Kasri ipo ila mgongo wake siuoni vizuri. Mtu mwingine angekwambia moja kwa moja chukua Haini, ni ya Shafi pia na hapo haipo. Mimi nimeona pengo. Karibu na Kuli kuna nafasi ya kama kidole kimoja na vitabu vya jirani vimeinamia humo, maana yake kuna kilichotolewa juzi juzi, na vitabu vinavyoazimwa bila kurudi huwa ndo vile tulivyovisifia kwa watu. Kama ni Haini nitakuwa nimekupa kitabu chako mwenyewe.

Kwa nini Utengano sasa? Kilichochakaa kuliko vyote ni Vuta N'kuvute, na mle kuna Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee Raza akaiacha ile nyumba na baadaye akajikuta katikati ya watu wa siasa kina Denge. Kwenye Utengano kuna Maimuna, binti wa tajiri mwanasiasa, anafungiwa ndani, akitoka dunia inampokea vibaya kuliko ilivyompokea Yasmin. Mazingira utayatambua ila mkono ni mwingine, Said anamwingia mtu kichwani zaidi. Na nimekichagua makusudi kwa sababu ua likisogezwa jibu lolote halikiharibu: ikiwa ni Mti Mkavu mwandishi unamjua tayari, ikiwa ni Uwanja wa Fujo basi utakutana naye mara ya kwanza. Kitakachobadilika ni kitabu cha baada ya hapo. Ikiwa ni Kezilahabi na umekimaliza nitakupeleka Kichwamaji, ikiwa ni Said tutaendelea na Asali Chungu.

Nitumie picha nyingine ua likiwa limetolewa, simama usawa wa safu, usiwashe fleshi maana inang'aa juu ya majalada na kula herufi, na itume kama faili, WhatsApp ikiibana maandishi madogo yanakuwa ukungu. Na uniambie mambo mawili tu: pale penye pengo palikuwa na nini, na kile cha bluu ulikiachia wapi, maana kitabu ulichokishindwa kinaniambia mengi kuliko hivyo vitatu vya Shafi.