Urari umegoma kwa 7,500: pale tofauti ndogo inapoficha makosa mawili

Msomaji anayetunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi ameniandikia kwamba urari wake wa mwisho wa mwezi, yaani orodha ya masalio yote ya leja, haulingani. Debiti 18,746,500, krediti 18,754,000. Tofauti ni shilingi 7,500. Ameshauriwa aandike "gharama ndogondogo 7,500" upande wa debiti, mambo yaishe.

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Tofauti si ukubwa wa kosa. Tofauti ni kile kinachobaki makosa yote yakishapunguzana, na nyuma ya hiyo 7,500 mnaweza kuwa na makosa mawili makubwa zaidi yanayovutana. Ndivyo ilivyokuwa kwenye leja yake, kwa hiyo tuifuate hatua kwa hatua.

Kwanza jumlisha upya safu zote mbili, safari hii ukianzia chini kwenda juu, kisha hesabu akaunti zilizomo kwenye leja na zile zilizomo kwenye urari. Akaunti moja iliyosahaulika huleta tofauti iliyo sawasawa na salio lake. Linganisha pia masalio ya kuanzia mwezi na masalio ya kufungia mwezi uliopita. Hapa yote yalikuwa sawa.

Kisha itafute tofauti yenyewe: je, kuna muamala wowote wa 7,500? Ukiwepo, huenda umeingizwa upande mmoja tu. Halafu tafuta nusu yake, 3,750, kwa sababu kiasi kilichoingizwa upande usio wake huleta tofauti mara mbili ya kiasi chenyewe. Baada ya hapo gawanya kwa 9. Jibu ni 833 na mabaki, kwa hiyo si tarakimu zilizopinduka.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kudhani kwamba vipimo vimeshindwa. Havikushindwa. Vipimo hivi vyote huchukulia kwamba kosa ni moja tu. Visipoonyesha chochote, kama hapa, huenda makosa ni zaidi ya moja, kwa hiyo acha kukisia, uanze kuweka alama za vema.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Chukua daftari la fedha taslimu na penseli. Kila mstari wa malipo uufuate hadi akaunti yake kwenye leja. Kiasi kikiwa kilekile na upande ni sahihi, weka vema pande zote mbili. Anza na mistari ambayo safu ya folio, yaani ile ya namba ya ukurasa wa leja, iko tupu. Mwenye kuposti vizuri huandika namba hiyo baada ya kuposti, si kabla, kwa hiyo nafasi tupu ni ushahidi kwamba mkono uliishia njiani. Ukimaliza malipo, fanya mapokezi. Usisahau daftari la mauzo ya mkopo: wateja hupostiwa mmoja mmoja kila siku, lakini jumla hupelekwa akaunti ya mauzo mara moja tu, mwisho wa mwezi. Jumla hiyo ikisahaulika, mwezi mzima wa mauzo ya mkopo unabaki upande mmoja.

Katika leja ya msomaji wetu, mstari usio na folio ulikuwa wa umeme wa LUKU, 34,500. Fedha taslimu ilikuwa imekreditiwa, lakini akaunti ya umeme haikudebitiwa. Baada ya kuposti upande uliokosekana, debiti ikapanda hadi 18,781,000. Krediti ni ileile 18,754,000.

Sasa tofauti ni 27,000, na upande uliozidi umebadilika. Mtu aliyechoka ataona ameharibu, afute alichoandika. Tafadhali usifute! Kosa moja limetoka, na lile lililokuwa limejificha nyuma yake limebaki peke yake. Sasa vipimo vina maana, virudie vyote.

Muamala wa 27,000 haukuwepo, wala wa 13,500. Gawanya kwa 9: jibu ni 3,000 kamili. Sababu ni nyepesi. Katika 58, tano ni makumi na nane ni mamoja. Ukiandika 85, nane imekuwa makumi na hivyo imeongezeka mara tisa ya thamani yake, na tano imepungua mara tisa ya thamani yake. Kinachobaki ni 9 mara tofauti ya tarakimu hizo mbili, yaani 9 mara 3, ambayo ni 27.

Hiyo 3,000 inakuambia mambo mawili. Sifuri tatu zinasema tarakimu zilizobadilishana ziko kwenye nafasi ya maelfu na ya makumi elfu. Ile 3 inasema tarakimu hizo zimepishana kwa tatu. Kwa kuwa debiti ndiyo iliyozidi, pitia debiti ukitafuta kiasi ambacho makumi elfu na maelfu yake yanasomeka 30, 41, 52, 63, 74, 85 au 96. Kwenye krediti tafuta kinyume chake: 03, 14, 25, 36, 47, 58 au 69, maana huko kiasi kingekuwa kimepungua. Sasa huna haja ya kupekua leja nzima, una viasi vichache tu vya kulinganisha na vocha zake.

Kuna mtego mmoja. Sifuri iliyoongezwa au kudondoka nayo hugawanyika kwa 9: 3,000 iliyoandikwa 30,000 huleta 27,000 hiyohiyo. Kwa hiyo viasi hivyo viwili navyo vitazame. Na kumbuka kwamba katika kila namba tisa zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 9, hivyo kugawanyika ni dalili, si hukumu.

Aliipata kwenye akaunti ya usafirishaji wa mizigo. Daftari la fedha na vocha vinasema 358,000, leja inasema 385,000. Alikuwa ameuona mstari huo wakati wa kuweka vema na akaupitisha, kwa sababu jicho husoma linachotarajia. Dawa ni kusoma tarakimu moja moja kutoka kulia, au mwenzako akusomee vocha huku wewe ukitazama leja. Debiti ilipopunguzwa 27,000, pande zote mbili zikasoma 18,754,000.

Kusahihisha, kata kwa mstari mmoja ili kiasi cha zamani kiendelee kusomeka, andika sahihi juu yake, weka tarehe na herufi za jina lako. Usitumie kifutio wala wino mweupe. Kama ulikuwa umeshafungua akaunti ya muda, ambayo wengi huiita saspensi, na kuidebiti 7,500, usikate kitu: sahihisha kwa jonali. Debiti umeme 34,500, krediti saspensi 34,500. Kisha debiti saspensi 27,000, krediti usafirishaji 27,000. Saspensi sasa ina debiti 7,500 na 27,000, na krediti 34,500, kwa hiyo imejifunga.

Lakini kama 358,000 ingesomwa vibaya tangu kwenye vocha, daftari la fedha nalo likaandikwa 385,000, urari ungelingana vizuri kabisa huku ukiwa na kosa. Hilo huonekana kwa kuhesabu fedha zilizomo kwenye droo, au kwa taarifa ya benki kama malipo yalipitia huko.