Maswali na majibu: Kichujio kinacholia chenyewe

Nimeunda kichujio cha frikwensi za chini kwa opampu moja, resista mbili za 10 kΩ na kapasita mbili za 10 nF. Ukuzaji nimeupanga kwa 22 kΩ na 10 kΩ. Nimeunganisha ingizo na athi, lakini tokeo bado linatoa wimbi. Linatoka wapi?

Nguvu yake inatoka kwenye pawasaplai, na saketi yako yenyewe ndiyo inayoifanya wimbi. Usiilaumu opampu. Mimi niliwahi kubadilisha tatu kwa kosa hilihili na zote zikalia vilevile. Chukua kalamu tuandike milinganyo.

Hii ni saketi ya Sallen na Key, waliyoieleza mwaka 1955. Ingizo Vi linapita kwenye resista ya kwanza hadi nodi A, kisha kwenye ya pili hadi nodi B. Kutoka B kapasita moja inashuka athi, na kutoka A kapasita nyingine inarudi kwenye tokeo Vo. Opampu inasoma volteji ya B na kuikuza mara K. Mkondo unaoingia kwenye nodi lazima utoke, na mkondo wa kapasita ni C mara kasi ya kubadilika kwa volteji yake. Andika hivyo kwa nodi zote mbili, kisha weka s kila penye d/dt:

```
B:  (VA - VB)/R = sC·VB
A:  (Vi - VA)/R = (VA - VB)/R + sC·(VA - Vo)
    Vo = K·VB
```

Mstari wa B unakupa VA = VB(1 + sRC). Uingize kwenye mstari wa A, zidisha kote kwa R, na kinachobaki ni Vi na VB tu:

```
Vi = VB·[(1 + sRC)(2 + sRC) - 1 - K·sRC]
H(s) = Vo/Vi = K / (s²R²C² + (3 - K)·sRC + 1)
```

Hiyo ndiyo funksheni ya uhamisho. Wengi huteleza kwenye ile VA - Vo: wanaandika VA peke yake, kana kwamba kapasita zote mbili zimeshuka athi. Ukifanya hivyo K inatoweka kwenye asili ya sehemu, na hesabu inakwambia saketi ni thabiti hata ukiikuza mara mia.

Ncha ni zile thamani za s zinazoifanya asili iwe sufuri. Kwako RC ni sekunde 0.0001, na K ni 1 + 22/10, yaani 3.2. Tazama namba ya katikati: 3 - K imekuwa hasi 0.2. Ni mlinganyo wa kipeo cha pili, unaweza kuutatua kwa mkono, au hivi:

```python
import numpy as np
RC, K = 1e-4, 3.2
print(np.roots([RC**2, (3-K)*RC, 1]))
```

Jibu ni 1000 ± j9950. Sehemu halisi ni chanya, kwa hiyo ncha zimekaa kulia mwa mhimili wima, na kelele yoyote ndogo inakua kwa e^(1000t). Kila milisekunde inapopita, wimbi linakuwa kubwa mara 2.7 hivi. Likianza na milivolti 1, linafika volti 10 baada ya milisekunde 9 tu. Likigonga ukomo wa pawasaplai, vilele vinakatwa na milinganyo hii haitawali tena, ndiyo maana unaona wimbi lililotulia badala ya linaloendelea kukua. Ile 9950 ni radiani kwa sekunde. Igawe kwa 2π upate herzi 1584, na oskiloskopu yako inapaswa kuonyesha kitu cha karibu na hapo.

Sasa badilisha 22 kΩ uweke 10 kΩ. K inakuwa 2, ncha zinahamia -5000 ± j8660, na kelele ileile inashuka chini ya asilimia 1 ya ukubwa wake ndani ya milisekunde 1.

Hiyo s inatoka wapi hasa? Na tukidhani kapasita hazina chaji mwanzoni, si tunajidanganya?

Jaribu volteji ya umbo la e^(st). Ukitafuta kasi yake ya kubadilika unapata volteji ileile ikiwa imezidishwa kwa s, basi d/dt inageuka kuzidisha kwa kawaida. Laplace anatupa njia ya kufanya hivyo kwa mawimbi mengine pia.

Chaji ya mwanzoni inaachwa kwa sababu H(s) inaeleza ingizo linavyogeuka kuwa tokeo, si masalio ya jana. Ukiirudisha, inaingia juu, kwenye kiasi. Asili inabaki ileile, na ncha hazisogei. Chaji inaamua wimbi linaanza na ukubwa gani, lakini kama litakufa au litakua, hilo haina usemi nalo.

Nimechora saketi hiyohiyo kwenye LTspice. Grafu ya .ac ni nzuri kabisa, ina kilele kimoja kisha inashuka. Nani mwongo?

Hakuna mwongo, umeuliza swali lisilohusu uthabiti. Uchambuzi wa `.ac` unaweka s = jω kwenye milinganyo na kupiga hesabu, bila kujali kama saketi ingeweza kutulia kwenye wimbi hilo. Kwa K = 3.2 kilele kwenye 1/RC ni 3.2/0.2, yaani 16. Kwa K = 2.8, saketi iliyo thabiti, ni 14. Ukitazama ukubwa peke yake huwezi kuzitofautisha.

Tazama fazi. Kwenye saketi thabiti inashuka kutoka 0 hadi -180. Kwenye yako inapanda kuelekea +180. Halafu endesha `.tran`, lakini uipe ingizo mpigo mfupi, maana programu ikianza na sufuri kamili inaweza kubaki imekaa kwenye sufuri.

Nikishusha K hadi 2.9 niko salama? Nahitaji kilele kirefu.

Kwenye karatasi, ndiyo. Mezani inategemea kapasita zako. Niliziandika zote C ili hesabu iwe fupi, lakini ukiziachia thamani zake, C1 ile inayorudi kwenye tokeo na C2 ile ya athi, namba inayozidisha s inakuwa:

```
R·(2·C2 + C1·(1 - K))
```

Ili ibaki chanya, K lazima iwe chini ya 1 + 2·C2/C1. Chukua kapasita za 10 nF zenye uvumilivu wa asilimia 10, na bahati mbaya ikupe C1 ya 11 nF na C2 ya 9 nF. Mpaka unashuka hadi 2.64. Kichujio chako cha 2.9 kitalia, na cha mwenzako aliyenunua kapasita za aina hiyohiyo kitanyamaza. Mimi kwa kapasita hizo nisingevuka 2.5. Ukitaka kilele kirefu zaidi, tumia za asilimia 1 au chagua mpangilio mwingine wa saketi.

Je, R, L na C tupu bila opampu zinaweza kukosa uthabiti?

Hapana. Kwa mfululizo, tokeo likiwa kwenye kapasita, asili ni s²LC + sRC + 1, na namba zote tatu ni chanya. Mlinganyo wa kipeo cha pili wa aina hiyo hauna jawabu lenye sehemu halisi chanya. Ukiondoa R kabisa ncha zinakaa juu ya mhimili wenyewe na wimbi halifi wala halikui, ila waya wa koili una ukinzani wake, kwa hiyo hali hiyo utaikuta kwenye mtihani tu.