Barua kwa mwanangu: Sahani ya elfu kumi na mbili

"Mama, shikamoo. Tumeuliza wapishi wawili chakula cha watu 150. Mmoja kasema sahani moja shilingi 12,000, mwingine 15,000. Mwenzangu anataka huyo wa 12,000 tumtumie advansi wiki hii hii. Kudai karatasi naona aibu, kaletwa na mtu wa kamati. Tufanyeje? Na mpiga picha na mpambaji je?"

Marahaba mwanangu. Advansi isubiri kwanza. Jana jioni nilimpigia mwenyewe huyo wa 12,000, nikajitambulisha kuwa ni mama wa bibi harusi, nikamuuliza kitu kimoja tu: katika hiyo elfu kumi na mbili, kipi hakimo? Akanijibu vizuri kabisa, hana shida. Wahudumu wanane hawamo, kila mmoja 25,000, kwa hiyo laki mbili. Sahani, glasi na vijiko vya kukodi, 150,000. Gari la kuleta chakula ukumbini na kurudisha masufuria, 120,000. Sahani zako 150 ni 1,800,000. Ukijumlisha na hayo inafika 2,270,000. Nikampigia na wa 15,000. Huyo bei yake ina kila kitu, jumla 2,250,000. Kwa hiyo wa bei rahisi amekuzidi elfu ishirini, na hapo hatujaongelea kuku.

Ndiyo maana huwa nasema wote waulizwe swali moja. Andika karatasi moja, tarehe, ukumbi, saa ya chakula kuwa mezani, idadi ya watu na vyakula mnavyotaka, uwatumie wote vilevile. Waombe kotesheni yenye jumla ya mwisho, na iseme kama bei ina VAT. Aliyesajiliwa VAT akikuongezea asilimia 18 mwishoni, bajeti yenu imekwisha. Ukimwacha kila mmoja ajitungie menyu yake, utakuwa unalinganisha pilau na ubwabwa.

Sasa kuku. Mjomba wako alipooa, mimi nilikuwa katibu wa kamati. Mpishi tulimwambia "kuku wawepo", naye akaitikia. Siku ya siku kuku walikuwepo kweli, ila walikatwa vipande vinane vinane, na meza za nyuma wakapata shingo na mabawa. Wazee wa upande wa wakwe walikuwa meza za nyuma. Sikuwa na la kumdai yule mpishi, maana hakuna mahali palipoandikwa kipande kiwe kikubwa kiasi gani. Piga hesabu mwenyewe: kuku akikatwa robo, watu 150 wanakula kuku 38. Akikatwa nane, wanatosha 19. Nusu ya kuku imebaki kwa mpishi na neno "kuku" halijabadilika. Kwa hiyo andika "kuku wa kisasa, robo kwa kila mtu, anagawiwa na mhudumu". Hilo la kugawiwa usiliache. Wali na mboga watu wajipakulie, lakini nyama ikiachwa wazi, hamsini wa kwanza wanawamalizia wa mwisho.

Idadi nayo iangalieni kwenye kadi. Mmesema 150, lakini kadi dabo ni watu wawili. Dabo 60 na singo 30 ndiyo inakupa hiyo 150, na MC, watu wa muziki, wapiga picha na madereva hawana kadi ila watakula. Hao wahesabu pembeni, hawapungui kumi na wawili, na uulize kama mpishi anawatoza bei ileile. Kisha mkubaliane siku ya kufunga idadi. Siku saba kabla inatosha, kwa kuwa baada ya hapo mpishi anakuwa ameshaagiza kuku. Mkipunguza kabla ya siku hiyo, bei ipungue. Mkipunguza baadaye, mnalipa, na ni haki yake.

Malipo usimkatalie advansi, huyo naye ameshaumizwa na maharusi waliopotea na deni lake. Ningewaomba asilimia 30 ya kushika tarehe, 50 wiki ya kwenda sokoni, na 20 baada ya wageni kula. Wengi watataka yote kabla ya shughuli. Akikomaa, mpe asilimia 90, lakini hiyo kumi ibaki mkononi mwa mweka hazina hadi chakula kifike kwa saa iliyoandikwa. Ukituma kwa simu, jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha liwe lile lile la kwenye karatasi. Likija jina la mtu mwingine, simama uulize kwanza.

Na hiyo aibu, mwanangu, ina dawa nyepesi. Usimwambie "njoo tusaini mkataba". Mtumie ujumbe wa Wasapu kama huu:

"Kaka, nashukuru. Nathibitisha tulivyoongea: sahani 150 kwa 15,000, jumla 2,250,000, wahudumu 8, vyombo na usafiri vimo. Pilau, wali mweupe, kuku robo kwa kila mtu, nyama ya ng'ombe, mboga mbili, matunda, maji. Chakula mezani saa 2:30 usiku. Idadi ya mwisho tunakupa siku 7 kabla. Tukiahirisha siku 30 kabla, advansi inahamia tarehe mpya. Ukishindwa wewe, unarudisha yote. Ukikubali nijibu nikutumie advansi."

Akijibu "sawa, nimekubali", mmekubaliana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai muhuri wa wakili ili makubaliano ya chakula yawe mkataba, na ujumbe huo unabaki kwenye simu zenu wote. Upige picha, umtumie na mweka hazina. Mtu wa kamati aliyemleta usimpitishie lolote. Yeye ni wa kukutambulisha tu, bei na masharti yatoke kwa mpishi mwenyewe.

Mpiga picha ni habari nyingine, kwa sababu yeye anabaki na mali yenu baada ya shughuli. Binti ya jirani yetu alisubiri picha miezi saba, na alikuwa ameshalipa zote siku ya harusi. Wenu msimmalizie hela, angalau robo ibaki kwenu hadi akabidhi. Aandike anaanza saa ngapi (saluni au kanisani?) na anaondoka saa ngapi, picha ngapi zilizohaririwa, albamu ya kurasa ngapi, na siku ya kukabidhi. Pia ataje jina la mtu atakayekuja na kamera. Kuna anayekuonyesha kazi zake nzuri halafu Jumamosi anamtuma kijana anayejifunza, kwa kuwa yeye ana harusi mbili.

Mpambaji mpe kipande cha kitambaa cha rangi yenu, maana "zambarau" ya kwenye simu si ya ukumbini. Picha ya mfano mnayoikubali iambatane na bei, na chini yake iandikwe maua ni ya asili au ya plastiki, viti vingapi vinavikwa, na nani anafungua mapambo usiku ule. Ukumbi ukidai muda umezidi, aliyechelewa kufungua ndiye alipe.

Wa 15,000 nimemwambia utamtafuta kesho. Muulize pia soda: watu 150 kwa chupa mbili mbili ni kreti 13, na yeye hakuniambia kama zimo.

Mama yako