Miaka 2 kwa mkupuo, au mwaka mwaka?

"Mwaka mmoja riba asilimia 10, miaka 2 asilimia 11 kwa mwaka. Nifunge pesa yangu kwa ipi?"

Ndugu yangu, mwaka wa kwanza una 10 tu, kwa hiyo wa pili umebeba zaidi ya 11. Shilingi 100,000 kwa miaka 2 huwa 123,210. Kwa mwaka mmoja 110,000. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 1.1201. Riba ya mbele, yaani riba ya mwaka wa pili peke yake, basi ni asilimia 12.01.

Mwakani ukipata zaidi ya hiyo, kuweka mwaka mwaka kunashinda, ikipungua, umepunjika. Si utabiri, ni mpaka tu. Mimi ningefunga miaka 2, ila kama pesa ni ya kutengeneza mashua hapa Malindi kabla ya kusi, usifunge.

Angalia: bondi inayolipa riba kila miezi 6 haifai kwa hesabu hii moja kwa moja.