Jibu: faini ya kuhama kabla mkataba haujaisha

"Mkataba wa mwaka, umeandikwa nikihama mapema nalipa kodi ya miezi 2. Nimuulizeje mwenye nyumba?"

Habari mkuu. Kwanza muulize hiyo miezi 2 anaikata kwenye kodi uliyokwisha lipa au unaongeza hela juu, maana hapo ndo watu wanaumia. Mimi nilikuwa nalipa laki 2 kwa mwezi, nikatoa ya miezi 6, nikahama baada ya mitatu, nikajua atakata laki 4 anirudishie laki 2, kumbe yeye anahesabu yote imeenda na mkataba haukusema. Muulize pia ukimletea mpangaji mwingine faini inabaki au inaisha. Akikujibu kwa simu mtumie meseji palepale, "kwa hiyo tumeelewana hivi", akithibitisha mwambie aiandike kwenye mkataba kabla hujasaini.